Kadi ya Krismasi ya Daudi na Zawadi

Mjukuu wangu Neema,

Niwie radhi kwa ukimya wangu wa muda mrefu. Hapa Campbelltown tu wazima. Kaka yako Daudi na mkewe Zawadi wamehamia Bankstown, na mimba inaendelea vyema.

Umeuliza uwaandikie nini katika kadi ya Krismasi. Waandikie wao wawili. Watakie furaha ya sikukuu, mwombee Zawadi ajifungue salama, uishie hapo. Usimtaje mtoto kwa jina, wala usichague kadi yenye picha ya kitanda cha mtoto. Aliye tumboni hahesabiwi.

Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza, Tabitha, dada wa babu yako, alituletea kadi: "Krismasi ijayo mtakuwa watatu!" Mtoto hakuishi. Krismasi hiyo ilipofika, Tabitha alikuja kula kwetu, akaikuta kadi yake ingali ukutani.

"Wifi, mbona hukuiondoa?"

"Nilikungoja uje utuhesabu."

"Jamani, wifi! Nilikutakia mema tu."

Alisema kweli. Kadi haiui mtoto. Lakini aliyebaki kuyasoma maneno yale ni mimi, na hadi leo sijayasahau.

Sasa Tabitha anaishi Fairfield. Amenunua kadi ya Daudi na Zawadi, akaniletea ikiwa tupu, ila jina lake tu chini. "Andika wewe, wifi. Mimi sitaongeza neno."

Kadi iko mezani. Nikishaamua kama jina langu litakaa kando ya lake, nitakuandikia.

Bibi yako