Mama Mkwe Amwomba Radhi Mtoto wa Miaka Minne

Rahaleo, Jumapili

Nimecheka mpaka mbavu zinauma, na bado sijui kama nimeshinda au nimeshindwa.

Mwezi mzima binti yangu Zainabu anasema, "Nilipokuwa mkubwa nilikaa Mikindani, nikaanguka mkoroshoni." Mama mkwe aliamini papo hapo. Mtoto ana jina la marehemu mama wa mama mkwe, aliyeanguka hivyo hivyo akaumia goti, na mtoto kazaliwa na alama gotini. "Karudi. Tumuulize sasa, wakikua husahau."

Mimi mwalimu, nikaandika maneno ya mtoto daftarini kabla hatujauliza mtu yeyote. Leo tukaenda Mikindani kuona kama ataitambua nyumba ya marehemu.

Kila nyumba mama mkwe anauliza, "Ni hii, mama?" Mbili za kwanza Zainabu alikataa. Ya tatu bibi yake akatabasamu kabla hajamaliza kuuliza, na mtoto akaitikia.

"Si unamwonyesha mwenyewe!" nikasema. Kwa sababu ya jina humwita "mama" tangu azaliwe, na kisa cha mkorosho humsimulia kila akimsuka. Alama? Hata mimi ninayo, begani.

Mama mkwe alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Mama, nisamehe. Sikuwahi mazishi yako."

Zainabu akafikiri. "Yameisha. Ila ukinisuka usikaze."

Mama mkwe alilia na kucheka kwa pamoja. Miaka tisa naishi naye, leo ndiyo kwanza namsikia akiimba jikoni.

Daftari la ushahidi nimelitia chini ya godoro. Sina haja ya...

Anaimba vibaya, masikini. Na aendelee.