Bahasha ya Saidi

Jumatatu, 7 Oktoba
Ndoo mbili za korosho leo. Mgongo hauna hali. Jumapili Saidi anatimiza miaka thelathini, gerezani. Mdogo wangu mjinga. Ugomvi wa mpaka wa shamba, akamvunja mtu mkono, akafungwa miaka miwili. Mwezi uliopita tulikwenda kumwona, akakataa kutoka. Mama alikaa kwenye benchi getini mpaka muda ukaisha. Sijamsamehe. Lakini Mama anataka barua, na mwandishi ni mimi.

Jumanne, 8 Oktoba
Ya kwanza nimeichana. Iliandikwa "umetuaibisha." Kila barua husomwa na afisa kabla ya mfungwa kuipata. Sitaki afisa asome ugomvi wetu wa ndani.

Ya pili: juu, majina yake matatu na namba yake ya mfungwa. Hakuna neno la kesi, hakuna jina la mtu wa mpaka. "Mdogo wangu, hongera. Mkorosho ulioupanda karibu na kisima umezaa kwa mara ya kwanza. Cherehani yako nimeipaka mafuta, inakungoja. Jumapili tutakuja. Toka tukuone."

Maneno mazuri. Hasira nimeiacha humu.

Jumatano, 9 Oktoba
Bodaboda, basi, jua. Askari wa getini akaigeuza bahasha. Imegandishwa! Nikaapa kwamba niliiacha wazi. Kumbe Mama, nilipokuwa naoga, aliifunga kwa utomvu wa mkorosho. Nimeifungua palepale, karatasi ikachanika katikati ya jina lake.

"Kaandike nyingine, mama. Uilete wazi," askari akaniambia.

Kalamu sina. Basi la kurudi linaondoka. Nimelia njia nzima kwa hasira.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimemfokea Mama mbele ya majirani. Mama yangu mzazi. Akaniacha nimalize.

"Barua wazi ni tangazo la mnada," akasema. "Mwanangu si korosho."

Naona aibu. Hasira bado ipo. Nimeandika upya, nimeongeza neno lake: "Mama anakusalimu. Anasema hajachoka kuja." Bahasha nimelala nayo chini ya mto.

Ijumaa, 11 Oktoba
Wamepokea. Askari ameandika jina na namba kwenye daftari. Afisa ameisoma mbele yangu, taratibu, midomo ikicheza. Nilitaka kumnyang'anya. Yanamhusu nini mambo ya cherehani yetu? Alipofika kwenye mstari wa Mama akaurudia. Kisha akagonga muhuri. Kama Saidi hatatoka Jumapili, sitaandika tena. Nimeapa.

Jumapili, 13 Oktoba
Ametoka. Amekonda. "Shikamoo, Mama." Mama akaitikia: "Marahaba, mwanangu." Saidi aliuliza habari za mkorosho tu, mpaka muda ukaisha.

Ndani ya basi Mama ameniuliza kama yule afisa aliisoma barua yote.

Yote, nimemwambia.

"Afadhali. Sasa wanajua ana mama."

Kesho tunaokota korosho upande wa kisimani.