Trela Tupu na Jiwe la Shule

Mama Jebet wangu, uliyetangulia,

Hapa Ainabkoi mimi situlii. Nakaa, nasimama, naenda mpaka kwa geti, narudi. Unajua shule niliacha darasa la pili, lakini mwandiko wangu ulishinda wa karani.

Kuna msichana wa chuo kikuu huko Eldoret, Halima, anaandika historia ya shule yetu. Lile jiwe la mlangoni linasema chifu aliomba, mzungu mwenye shamba akatoa ardhi. Nikamwambia jiwe linadanganya. Ni mimi, dereva wa trakta, nilisimama kwa baraza nikamwambia mzungu: watoto wasome, ama hakuna gunia la maua ya pareto litapanda trela yangu. Hiyo hadithi nimeisimulia kwa harusi ngapi? Na wewe unacheka tu, unamimina chai.

Halima aliandika yote. Halafu akauliza wazee wengine, kila mmoja peke yake, akasoma hata faili ya chifu. Akarudi.

"Mzee, ya chifu inaanza siku ya baraza. Yako inaanza uliposimama. Ya akina mama inaanza mapema, siku Jebet wenu alipoungua kwa nyumba ya kukaushia maua, kwa sababu watoto hawakuwa na pahali pengine pa kushinda."

Nikaenda mpaka kwa geti. Niliporudi, akauliza tena:

"Na kabla ya baraza, trela ilikuwa imebeba nini?"

"Haikuwa na kitu."

"Kwa nini, Mzee?"

Wewe unajua kwa nini. Nyinyi wachumaji mlikaa chini katikati ya mistari na vikapu vyenu, mkaacha pareto ichanue mpaka ikazeeka, dawa ya wadudu ikaisha ndani. Mzungu akaona msimu unapotea, ndiyo akaita chifu. Na siku ya kwanza mimi nilikuja nikakuambia, "Rudi kazini, utanifukuzisha."

Ukanijibu, "Wewe endesha trakta yako."

Hakukuwa na gunia la kukataa kupakia.

Halima anasema chifu pia alikuwako, barua ya ardhi aliipeleka yeye. Lakini ukianzia kwake, mzungu ni mkarimu. Ukianzia kwenu, mzungu alikuwa amebanwa. Nilimwambia afute yangu, aandike yenu. Akakataa. "Yako inakaa, Mzee. Ila itakaa karibu na zingine, watu waone."

Kesho anakuja nimpe majina ya wachumaji. Mimi, mtu wa kichwa kama changu, nakumbuka namba ya ile trakta. Nakumbuka jina la mbwa wa mzungu. Nyinyi mlijaa shamba zima, na tangu asubuhi nimepata majina manne, moja ni lako.

Yule aliyekuwa anachuma kando yako, wa kitambaa cha kijani, aliitwa nani? Ungekuwa hapa ungenitajia wote huku ukimimina chai. Nimeacha karatasi wazi chini ya jina lako. Naiangalia, nasimama tena.

Ni mimi,
Baba Jebet, dereva wa trela tupu