Usimtume Mtu

Brăila, 4 Machi 2019

Mpendwa wifi Ruxandra,

Hujambo huko Sibiu? Sisi hatujambo, ila Mama magoti yanamsumbua tangu theluji ianze kuyeyuka. Nakuandikia kwa karatasi maana simu yangu hupokei siku hizi, na Horia anasema yake ndiyo kabisa.

Wifi, najua mmeachana. Krismasi niliwaona mlivyokuwa mkila bila kutazamana, kwa hiyo sikulaumu. Lakini ni kaka yangu. Jana alimpigia Mama akalia, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mpaka Mama akaketi chini jikoni. Mjibu mara moja tu. Mpe neno moja zuri atulie.

Wifi yako,
Ilinca

*

Sibiu, 11 Machi 2019

Wifi Ilinca,

Barua nimeipata, ahsante. Mpe Mama pole ya magoti. Mimi afya ninayo, usingizi ndio sina.

Neno zuri nimeshampa. Nimempa mengi. Wiki ya kwanza alipiga mara thelathini, na mara ya thelathini nikapokea ili nimtulize. Unajua alijifunza nini? Kwamba akipiga thelathini napokea. Sasa anafika hamsini. Nikimfungia namba, anatumia ya mwenzake wa kazini. Ijumaa alikuja kazini kwangu, pale tunapotengeneza meno ya bandia, akasimama mlangoni na maua, na bosi wangu akauliza, "Ni siku yako ya kuzaliwa?" Nikiisikia simu inatetemeka mezani, naifunika kwa kitambaa, hata kama ni dada yangu anayepiga.

Nataka nimwandikie mara moja, basi. Tazama nilichoandika: "Horia, samahani sana. Kwa sasa nahitaji kupumua. Wewe ni mtu mzuri na natumaini utanielewa. Tafadhali usinipigie sana."

Wewe umekua naye. Kitafaa?

Wifi yako,
Ruxandra

*

Brăila, 16 Machi 2019

Wifi Ruxandra,

Salamu kutoka kwetu sote. Nilikuwa sijui habari ya maua. Nimeona aibu.

Hakitafaa hata kidogo! "Kwa sasa" ataihesabia siku. Mwezi ukiisha yuko mlangoni. "Usinipigie sana", sana ni ngapi? Atapiga tano na kujiona mstaarabu. "Natumaini utanielewa", atakuandikia kurasa tatu kukueleza kwa nini haelewi. Na ukimwita mtu mzuri, atauliza mtu mzuri anaachwaje. Sababu usiitaje hata moja. Ukisema ni sigara, kesho ameacha sigara na amekuletea ushahidi.

Sema imekwisha. Taja kila njia usiyoitaka, kwa jina. Vitu vyake virudishe siku hiyohiyo, maana atakuja kuulizia koti. Usimtukane wala usimtishe, naomba. Ukishatuma, usijibu kitu tena, hata akikuuliza saa ngapi.

Nimekaa naandika haya huku Mama yuko chumba cha pili. Najiona kama mwizi ndani ya nyumba yetu.

Wifi yako,
Ilinca

*

Sibiu, 27 Machi 2019

Mpendwa Ilinca,

Natumaini u mzima. Nimetuma Jumanne, wakati wa mapumziko ya chakula. Niliandika hivi:

"Horia, uhusiano wetu umekwisha na sitabadilisha mawazo. Sitaki tuwasiliane tena. Usinipigie, usiniandikie, usije nyumbani wala kazini kwangu, na usimtume mtu. Vitu vyako vyote nimevituma leo kwa posta. Sitajibu ujumbe mwingine. Miaka yetu minne siijutii, nami nakutakia mema. Ruxandra."

Sentensi ya mwisho najua ungeitoa. Niliiacha kwa sababu ni kweli.

Akajibu, "Sawa. Nimeelewa." Nililia kwa furaha chooni. Dakika nane baadaye: "Swali moja tu." Halafu: "Kama hujutii, kwa nini unaniua?" Mpaka jioni jumbe zilikuwa ishirini na tatu. Sikujibu. Vidole viliniwasha, Ilinca, hasa alipoandika kwamba anaumwa kifua. Nilimpigia binamu yake Sorin aende kumtazama. Alimkuta anakula pizza. Sifuti kitu. Kila ujumbe naupiga picha na kuandika tarehe.

Mwisho wa mwezi nahama. Anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Nimekupa wewe peke yako.

Wifi yako,
Ruxandra

*

Sibiu, 20 Aprili 2019

Ilinca,

Salamu. Jana saa kumi na mbili jioni kengele ililia. Alikuwa Horia, na jina la mtaa wangu mpya alilijua.

Sikufungua. Nilisema kupitia mlango, mara moja: "Horia, nilishakuandikia. Ondoka. Usipoondoka napiga 112." Akaketi kwenye ngazi. "Dakika mbili tu, Ruxi. Hata mbwa anapewa dakika mbili." Nikapiga. Nilimsikia akimsalimia jirani wakati mimi natoa jina lake kwa polisi, na nilijiona mbaya kuliko siku zote. Walikuja wawili. Niliwaonyesha ujumbe wangu na tarehe zote. Walimwambia wazi kwamba akirudi nitafungua mashtaka, wakamsindikiza chini.

Niliandika "usimtume mtu". Nawe ni mtu, Ilinca. Usimpe habari zangu, na zake usiniletee. Ukiweza hilo, mlango wangu uko wazi. Usipoweza, niambie, nitaelewa, lakini tutaishia hapa.

Rafiki yako,
Ruxandra

*

Brăila, 2 Juni 2019

Ruxandra mpenzi,

Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali. Nauliza hata hivyo. Hujambo?

Wiki mbili za mwanzo nilikuwa na hasira. Polisi kwa kaka yangu! Nilianza barua nne za kukutukana, nikazichana. Ukweli ni kwamba niliutaja mtaa mimi. Aliniuliza tu kama unakaa mahali salama, nikajidai kumtuliza. Nisamehe.

Mei nilikwenda kwake. Nikamwambia, "Horia, hajibu kwa sababu jibu ulishapewa."
Akasema, "Nataka anieleze tu."
"Akikueleza utafanya nini?"
"Nitamjibu."
Basi tukatazamana, hata yeye akacheka kidogo, cheko baya. Nikamwambia kuanzia siku hiyo nikisikia jina lako mdomoni mwake nakata simu. Nimekata mara saba. Mara ya nane alizungumzia...

Hapana. Hukutaka kusikia. Naishia hapo.

Dada yako, ukinikubali,
Ilinca

*

Sibiu, 30 Juni 2019

Dada Ilinca,

Sijambo, na Mama je? Nimekusamehe, ingawa kengele ikilia bado nazima taa kwanza ndipo nichungulie.

Hili nakuandikia wewe tu. Lisifike kwa Horia hata kwa wema. Alhamisi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa. Mbele yangu, watu watatu, lilikuwa koti ninalolijua. Aligeuka akaniona. Mkono wake ulianza kuinuka, ukafika kifuani, akautia mfukoni. Halafu akatoka kwenye foleni, akanipita kwa mbali, macho chini, akaenda zake bila kununua alichokijia.

Foleni ikasogea. Muuza dawa aliniuliza mara mbili nataka nini, na mara zote mbili sikukumbuka.

Njoo Agosti. Kitanda cha pili kipo.

Dada yako,
Ruxandra