Mstari wa Mwisho kwa Oola

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Baba ameanza tena. Alhamisi kaka yangu Oola anatimiza miaka thelathini, na karani ni mimi. Mzee Ogwal, sajenti mstaafu, hawezi kutuma ujumbe bila kutoa amri. Amenisomea akiwa amesimama, hapa sebuleni Nsambya, utadhani niko kaunta ya polisi: Mwanangu, hongera. Umekuwa mwanamume. Nasikia unamtunza mkeo vizuri. Halafu mwisho — "Ripoti nyumbani kabla ya Jumanne. Ni hayo tu."

Jumanne ijayo, tarehe kumi na nne, ndiyo baba anapasuliwa tumbo. Anataka kumwona Oola kabla hajaingia. Hasemi kwamba anaogopa, ila sasa anamtaja Oola hata akitafuta viatu.

Nimekataa kuandika hivyo. Ameniita mkaidi. Ukaidi nimeutoa kwake huyo huyo.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepita Nakivubo kwa Habibah, mke wa Oola, pale anapouza vitambaa. Oola hakuwapo. Afadhali.

Nimemuuliza juu ya ujumbe wa baba wa birthday ya mwaka jana, maana tangu siku ile Oola hajakanyaga kwetu. Naukumbuka: mistari minne ya sifa, tena tamu, kisha neno moja chini — Ujirekebishe. Kinyongo cha baba kwa Oola kukataa upolisi kilikuwa hakijaisha.

Habibah anasema mumewe hakumbuki sifa hata moja. Alipofika kwenye lile neno alirudi juu akasoma upya, na sifa zote zikawa chambo. "Alisoma mpaka chini, akaweka simu. Keki yenyewe hakugusa, bambi, maskini."

Neno moja limeharibu mistari minne. Kumbe mtu anabaki na kile alichokigusa mwisho, na hicho ndicho anachokirudia kichwani akiwa peke yake. Nimemkasirikia baba njia nzima.

Jumatano, 8 Oktoba

Tumegombana tangu chai ya asubuhi.

Baba alitaka tumalizie na operesheni. "Weka huko mwisho. Ndio atakuja mbio." Nikamwambia atakuja kweli, lakini kwa hofu, na siku yake itakuwa imegeuka yako. "Kwani mimi si baba yake?" Nikasema habari ya hospitali nitampigia simu mwenyewe Ijumaa. Hana haja ya kuikuta chini ya hongera.

Nikajaribu "Utakuja lini?" Hapana. Swali humwachia mtu kazi. Zawadi inageuka deni. Nikajaribu "Mungu akubariki." Si vibaya, lakini kila mtu anamalizia hivyo, hata benki. Oola atahisi mlango umefungwa kwa adabu.

Baba akawa anamenya chungwa, akasema kama anajiambia mwenyewe: "Ile ndoo yake ya bluu bado iko nyuma ya mlango. Sijawahi kuitupa."

Kila tarehe tisa Oktoba, akitoka gwaride la Uhuru, buti bado mguuni, baba alimkimbiza Oola kambi nzima ya polisi na ndoo hiyo, ammwagie maji ya birthday. Majirani walicheka mpaka basi. Siku ile tu ndiyo baba hakuwa sajenti.

Nikaandika ya ndoo mwisho. Haiombi kitu. Inamwonyesha tu kwamba nafasi yake ipo. Nikafuta Ripoti, nikafuta Ni hayo tu. Baba akaguna kwamba ujumbe hauna mkia. Nikamwambia mkia ndio huo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Saa mbili asubuhi nimetuma kwa simu ya baba. Tiki zikawa bluu. "Anaandika…" Nilimwachia baba simu nikaenda kuepua chai.

Nimerudi na vikombe, nakuta ameongeza ujumbe wa pili: Ni hayo tu. Sgt. Ogwal.

Nilitamani kulia. Sasa Oola akitazama simu, kabla ya kitu chochote ataona neno hilo. Ndoo imefunikwa. Nilibonyeza kufuta — lilikuwa limeshasomwa. "Anaandika" ikapotea.

Nilimfokea baba. Nilimwambia amemkaribisha mtoto kwa mkono mmoja na kumfungia mlango kwa mwingine. Akasema polepole kwamba miaka thelathini na mbili ya upolisi ujumbe usiofungwa kwa Ni hayo tu ulikuwa kosa. Kisha akatoka.

Nikasikia bomba. Muda mrefu. Amerudi ameinama upande, tumbo linamuuma, amebeba ndoo ya bluu imejaa. Nimeruka kumpokea, akakataa. Ameiweka nyuma ya mlango.

Sasa ameketi na simu. Anaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja: Maji nimechota mwenyewe.

Ananiuliza, "Na mwisho niweke nini?"

Nimemwambia asiweke kitu.

Anautazama ule mstari. Kidole kiko juu ya kioo, bado hajabonyeza.