Mwezi Wangu Umesahihishwa na Mtoto wa Darasa la Nne

Bi Mwahija mpendwa, nakuamkia shikamoo hata kama nimekuzidi umri, maana anayeomba msaada leo ni mimi. Naitwa Bujiku wa Segese, mchimbaji wa siku nyingi, niliyewahi kufukiwa kwenye duara, shimo la dhahabu, kule Nyarugusu siku tisa nikila udongo na nikatoka nimenenepa, shule niliishia darasa la tano kwa sababu mwalimu hakuwa na la kuniongezea, na kwa hadithi hapa hakuna wa kunisogelea, ulizia mpaka Kolandoto.

Sasa mayu, yaani mama, dada yangu Philomena ana binti, Asteria, miaka kumi, ndiye aliyekuwa anawahi kigoda cha mbele nikisimulia na kucheka kabla sijafika pa kuchekesha. Majuzi baada ya chakula wamekaa watoto kumi na mmoja, nikawapa hadithi niliyoitunga mwenyewe, kwamba Mwezi alikuwa na taa kubwa tumboni lakini alikaa peke yake angani akilia, na nyota zilikuwa mawe meusi tu, upweke ulipomzidi akaanza kumega mwanga wake, huyu kipande, yule kipande, mpaka yeye akabaki ukucha, na ndiyo maana anapungua, anagawa, halafu anajijaza tena. Hata mbuzi waliacha kucheua. Ndipo Asteria akanyoosha kidole kama yuko darasani, akasema, "Mjomba, mwezi hauna taa. Unaakisi jua. Nyota ndizo zina mwanga wao wenyewe, ni majua ya mbali."

Watoto wakacheka, na hapo sikuwa nimechekesha. Nikamwambia mbele ya wote kwamba mwalimu wake hajafika mwezini, mimi nusura nifike siku baruti iliponirusha, na kwamba mtoto wa kusahihisha wakubwa hana haja ya hadithi zangu. Akainuka, akakung'uta sketi, akaondoka, wenzake wote wakamfuata, na leo ni wiki mbili kigoda kiko kitupu. Jumamosi ni sikukuu ya watoto kigangoni, tumeandikwa wawili, mimi nisimulie na yeye achore mwezi na nyota kwenye kitambaa cheusi, na amemwambia mama yake kwamba hatachora uongo. Naomba umwandikie hapo gazetini aje aniombe radhi, kwa kuwa anasoma kila karatasi anayoiona, na nisikufiche, nikisimulia bila yeye kucheka naona naongea na ukuta.

JIBU

Bujiku, marahaba, na pole kwa udongo wa siku tisa. Ila radhi utaomba wewe.

Mtoto amesema kweli yote, na wewe ndiye uliyepaswa kuwa wa mwisho kumbishia. Umewahi kuzima tochi shimoni ukaona dhahabu inawaka? Haiwaki. Inang'aa tochi inapoimulika. Mwezi nao ni jiwe, na tochi yake ni jua. Hilo ulilijua kabla Asteria hajazaliwa, ukalisahau ulipopata wasikilizaji.

Wala haupungui. Upande unaolitazama jua umewaka siku zote. Kadiri mwezi unavyotuzunguka, sisi tunauona upande huo wote, au nusu, au ukucha. Chukua chungwa, ingia chumba chenye giza chenye taa moja, lishike kwa mkono ulionyooka, juu kidogo ya kichwa, kisha jigeuze polepole. Ukiitazama taa, chungwa ni jeusi kwako. Ukiipa ubavu, nusu imewaka. Ukiipa mgongo, limewaka lote. Mwombe Asteria akuongoze, na usimfundishe.

Hadithi yako haijaoza yote. Mwezi mpweke yupo, umekosea sababu tu. Tazama anga wakati wa mwezi mpevu: nyota unazihesabu kwa vidole, kwa sababu mwanga wake umejaa juu na kuzifunika. Hazijaenda popote, zinawaka palepale. Yeye anang'aa kwa mwanga wa kuazima, anajisifu, halafu analia kwamba hana wenzake. Mtu wa namna hiyo namfahamu, ameniandikia barua.

Subiri siku nne tano baada ya hapo. Mwezi unachelewa kuchomoza, jioni inakuwa nyeusi, na nyota zinajaa mpaka unashangaa zilikuwa wapi. Hakumegea mtu kipande. Amekaa kando tu. Mwezi wa hadithi yako ajifunze kugawana hivyo, maana anga ni moja na zamu zipo.

Basi nenda kwa Philomena leo, usingoje Jumamosi. Waite watoto walewale waliokuona ukimfokea, umwambie, "Ulisema kweli, mimi nilikosea." Maneno manne, baruti usiitaje. Kigangoni anza wewe hadithi, nani atakuzuia. Ukifika pale Mwezi anapochelewa, nyamaza, kaa kwenye kigoda cha mbele, na Asteria asimame na kitambaa chake amalizie.

Na kabla hajafika pa kuchekesha, wewe uwe umeshacheka.