Enock Akichelewa Tena, Noela Aseme au Ameze?

Noela wangu anaolewa, na anayemuoa ana maduara mawili, mashimo ya kuchimbia dhahabu, kule Nyarugusu na karasha lake mwenyewe la kusagia mawe! Nimeona habari hiyo itangulie, salamu zifuate. Mpendwa mshauri wetu, Dada Euphrasia, hujambo na kazi ya kubeba mizigo ya watu? Mimi ni Mama Noela wa Mhunze, Kishapu, gazeti lako hunifikia likiwa limefungiwa vitumbua lakini ukurasa wako huwa naupangusa mafuta nikausoma mpaka mwisho. Leo kitumbua changu mwenyewe kimeingia mchanga, naomba unisaidie.

Noela ni mtaalamu wa maabara kule Geita, ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa koti jeupe bila kuwa muuza nyama, na sisemi kwa kujisifu ila mtu akiniuliza nitanyamazaje. Huyo Enock walifahamiana kanisani, kijana mrefu, mpole, ana heshima mpaka unamwonea huruma, na kwa kuwa kazi yake iko Nyarugusu na Noela yuko mjini, wamepatana kukutana kila Jumapili baada ya ibada kwenye mgahawa mmoja wa samaki, wale, wazungumze, wajuane. Hapo ndipo penye mwiba.

Jumapili ya kwanza Noela alikaa peke yake mpaka mhudumu akafuta meza ile ile akaifuta tena, watu wa meza za jirani wakaanza kumtazama kwa ile huruma ya kuudhi, sato aliyemwagiza akapoa macho yamemtoka, ndipo Enock akaingia na vumbi hadi kwenye nyusi, hakuwa amepiga wala kuandika neno. Akasema samahani, njia mbaya. Noela akamjibu, "Usijali." Ni mimi niliyemfundisha hivyo, maana niliona mwanamke anayeanza kudai saa kabla ya mahari atasemwa ana mdomo.

Jumapili iliyofuata aliwahi, Mungu ni mwema, lakini simu akaiweka kando ya sahani, kila ikilia kidogo anaitupia jicho kama kuku aliyeona mwewe. Noela akawa anamweleza jinsi alivyokabidhiwa mashine mpya ya kupimia damu, yeye peke yake katika kituo kizima, yaani habari ambayo mimi niliipigia vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kajifungua. Enock akiwa ameinamia simu yake akamjibu, "Pole sana." Dada Euphrasia, pole! Noela akachambua miiba ya samaki ambaye alishamaliza kumla.

Jumapili iliyopita ndiyo imetutia jakamoyo, kwa sababu alichelewa na simu akaja nayo vilevile. Noela akasema tena usijali, akarudi chumbani kwake, akanipigia akalia. Akaniambia, "Mama, Jumapili hii akifanya hivi tena nainuka naondoka, simu yake sipokei tena, na mtu asiniulize kwa nini." Namjua mwanangu, ni mpole kama maji ya mtungini, lakini mtungi ukipasuka hauzibwi.

Na mimi nitaiweka wapi sura yangu, maana wazee wa upande wa Enock wanaleta posa Jumamosi ya wiki ijayo, siku nimeitangaza mwenyewe, ndugu wa Maganzo wameshaambiwa, mbuzi amefungwa. Wifi yangu Mama Ndaki anasema Noela anyamaze mpaka posa ipokelewe, mambo ya simu atayarekebisha akiwa ndani ya nyumba. Noela anauliza kama aseme, na akisema aseme nini asionekane mgomvi. Mimi nilitaka nimpigie Enock mwenyewe nimkanye, ila naogopa, mama mkwe kumgombeza mkwe ni aibu.

Na kinachonichanganya ni kwamba kwetu sisi kijana huyu hana kasoro. Nilimwingiza kwenye grupu letu la wasapu la ukoo ili wamzoee, baba zake wadogo Noela, mashangazi, babu wa Maganzo, wote wanamsalimu, na yeye hamruki hata mmoja, shikamoo baba, shikamoo shangazi, mpaka raha. Ng'ombe wa mjomba Bujiku alipokufa, ilikuwa Jumapili mchana, Enock ndiye aliyetangulia kumpa pole kabla hata sisi wa damu hatujasoma. Juzi nikamwandikia, "Mkwe, mmekaa vizuri hapo mezani?" Akajibu pale pale, "Shikamoo mama, tunaendelea vizuri." Mtu wa namna hiyo anamdharauje binti yangu? Nijibu upesi, Jumapili haiko mbali.

Mama Noela, Mhunze

*

Mama Noela, hongera kwa binti, kwa koti jeupe na hata kwa karasha. Sasa vuta kigoda ukae, maana nina la kukugombeza.

Soma tena barua yako. Ng'ombe wa Bujiku alikufa Jumapili mchana, na Enock akawa wa kwanza kutoa pole. Jumapili mchana alikuwa ameketi na nani? Wewe mwenyewe ulimwandikia akiwa mezani, akakujibu pale pale, nawe ukafurahi. Ukoo mzima mmeketi kwenye ile meza ya watu wawili. Kijana anayeposa anaambiwa na mila kwamba salamu ya mkwe hailazwi, atafanya nini? Nahisi ile pole haikuwa ya mashine ya damu. Ilikuwa ya ng'ombe.

Lakini usikimbilie kumsafisha. Grupu halikumkataza kupiga simu njiani na kusema nimekwama. Wala mimi sijui ni nani wengine wanaomwandikia, nawe hujui. Anayejua ni Enock, na anayestahili kumuuliza ni Noela. Si wewe, si wifi yako, wala si mimi.

Kwa hiyo aseme. Kuondoka kimya kutamwacha kijana hajui kosa lake, na kuendelea na usijali kunamfundisha kwamba kweli hakuna cha kujali. Ameambiwa hivyo mara ngapi? Mtu huamini anachoambiwa.

Noela, haya ni yako. Usimvamie mlangoni akiwa bado anajifuta vumbi, na usimwandikie ujumbe wa hasira ukiwa unangoja, maana maandishi hayana sauti. Mwache aketi, anywe maji. Umuulize kwanza kilichomkwamisha, na umsikilize kweli, huenda kuna mtu alikuwa shimoni. Kisha sema lako moja, kwa sauti ya kawaida: nilikaa hapa sijui kama unakuja, nikajiona sina maana, ukiona umekwama, nipigie kabla ya saa tuliyopatana. Basi. Usiseme wewe kila siku, usimtaje jirani anayewahi, usirudie Jumapili zote kama karani wa mahakama. Ukishasema, nyamaza umwache ajibu.

Simu usiinyakue wala usiichungulie. Muulize mwanzoni, kabla ya chakula: leo kuna jambo la kazi unalolisubiri? Mwenye watu chini ya ardhi hawezi kuzima simu, na usimtake azime. Ila anaweza kuiweka mfukoni akapokea mwito wa msimamizi wake tu, salamu zikasubiri jioni.

Halafu tazama. Samahani ni rahisi, Jumapili inayofuata ndiyo jibu. Akijirekebisha, umepata mtu anayesikia. Akikasirika kwa sababu umeuliza kwa adabu, shukuru umelijua hilo ng'ombe wa mahari wakiwa bado kwao. Wifi anayesema utamrekebisha ndani ya nyumba hatakuwepo ndani ya nyumba hiyo.

Na wewe Mama Noela: mtoe Enock kwenye grupu leo, na umweleze ni kwa nini, asije akadhani amefukuzwa. Futa ile Jumamosi uliyoitangaza. Mbuzi mfungue, ale majani. Siku ya posa ataitaja Noela, na asipoitaja hakuna posa. Aibu ya kuahirisha hupita kabla ya mvua.

Dada Euphrasia

*

Dada Euphrasia, sikulala siku niliyosoma majibu yako, nilikukasirikia, nikasema huyu hana mtoto wa kuoza. Kukicha nikamtoa Enock kwenye grupu, Mama Ndaki akanipigia akauliza kama nimerogwa. Kwa babu wa Maganzo nilikwenda mwenyewe kuahirisha, akasema, "Mayu, mama yangu, uliitangaza kama mnada." Nikaimeza.

Jumapili yenyewe sikupika, nilishika simu nisipige, na kwa kweli nilimpa jirani aniwekee. Enock alichelewa tena. Noela alishachukua mkoba, amesimama kabisa, akakumbuka maneno yako, akaketi. Enock alipoingia, Noela akamwacha anywe maji, akamuuliza. Pampu ya kuvutia maji kwenye duara ilikuwa imegoma, walikuwa wanawatoa vijana juu mmoja mmoja, hakuondoka mpaka wa mwisho alipotoka. Noela akamwambia hilo ni sahihi, na hata angechelewa mpaka giza lingekuwa sahihi, lakini lilihitaji simu moja tu. Akasema lile la kujiona hana maana.

Enock akasema, "Uliniambia nisijali. Nikafikiri kwako ni jambo dogo." Akaeleza kuwa aliona aibu kupiga simu ya kuchelewa, akaona afadhali afike na sababu mkononi. Na kuhusu simu yake alimwonyesha mwenyewe bila kuombwa: msimamizi wake Masudi mara moja, na waliobaki wote ni sisi, mstari kwa mstari, shikamoo na marahaba. Noela akamuuliza ile pole ilikuwa ya nini. Alipoambiwa ni ya ng'ombe wa mjomba akacheka mpaka mhudumu akageuka, kisha akamwambia sasa nianze upya habari ya mashine, na akaanza. Enock akaisikiliza yote, simu iko mfukoni.

Sikukuandikia siku ile, nilitii, nikangoja Jumapili nyingine. Alikwama njiani tena, ila safari hii alipiga kabla ya saa yao. Noela akaagiza samaki baadaye, wakamla wa moto. Iliyofuata Enock ndiye aliyemngoja Noela, naye Noela alikuwa amempigia.

Basi jana mwanangu ameitaja siku, nami naitangaza kwa sababu nimeruhusiwa. Posa inaletwa Mhunze, pamba ikiwa imeshauzwa na kila mtu yuko nyumbani, nawe Dada Euphrasia nimekuwekea kiti karibu na changu, simu tutaziweka kwenye ungo mlangoni, yangu ikiwa ya kwanza. Karibuni wote Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, na atakayechelewa apige.